Kadi Kumi na Sita za Kurudia Sura ya Nchi

Mwulize mwanafunzi Kilimanjaro ni nini, atajibu haraka: mlima wa volkano. Mwulize Usambara ni milima ya aina gani, mara nyingi atasita, au atarudia jibu lilelile. Majina anayajua. Asichoshika ni jinsi kila umbo lilivyotokea, na hapo ndipo wengi hupoteza alama. Mchezo huu wa kadi unalenga pengo hilo, kwa kuwa jozi yake si jina na picha, bali umbo na chanzo chake.

Karatasi moja ya manila inatosha. Ikunje katikati mara nne, ikunjue, ukate kwenye mikunjo. Utapata vipande 16 vinavyolingana, yaani jozi nane. Andika upande mmoja tu, kwa kalamu isiyopenya hadi nyuma. Kadi nane ni za umbo: Mlima Kilimanjaro, Milima ya Usambara, Ngorongoro, Ziwa Tanganyika, Ziwa Viktoria, delta ya Rufiji, korongo la Olduvai na kisiwa cha Unguja. Nane nyingine ni za chanzo. Hizi nne ndizo zinazowababaisha wanafunzi zaidi:

*Uji wa moto ulitoka chini mara nyingi, ukapoa, ukarundikana juu ya ule uliotangulia.* (Kilimanjaro)

*Uji wa moto ulipungua chini, paa likakosa cha kulibeba, likaporomoka.* (Ngorongoro)

*Ardhi ilididimia kati ya nyufa ndefu, maji yakajaa hadi kina cha mita 1,470.* (Tanganyika)

*Ardhi ilinyanyuka pande mbili, mito ikazuiwa, maji yakatanda mahali pasipo na kina kirefu.* (Viktoria)

Angalia kwamba hakuna neno "mlima" wala "ziwa" kwenye kadi hizo. Ukiliandika, mtoto ataoanisha neno na neno bila kufikiri, na mchezo utakuwa umekufa. Kosa la pili ni chanzo kimoja kufaa maumbo mawili. Ukiongeza kadi ya Bonde la Ufa, kwa mfano, itagombana na Tanganyika, kwa sababu ziwa hilo limo ndani ya bonde hilohilo. Kabla ya kwenda darasani, shika kila kadi ya chanzo na uipitishe mbele ya maumbo yote manane. Ikikubali mawili, iandike upya.

Wachezaji wanne hukaa kuzunguka meza, na wa tano huwa mwamuzi mwenye karatasi ya majibu. Kadi hulazwa kifudifudi katika mafungu mawili, umbo huku na chanzo kule. Mwenye zamu hufunua moja kutoka kila fungu na kuzisoma zote mbili kwa sauti, ili wenzake nao wasikie na kukumbuka zilipo. Akiona hazilingani, anasema kwa nini, kisha anazirudisha palepale. Akiona zinalingana, lazima aeleze kwa sentensi yenye "kwa sababu". Mwamuzi akiridhika, mchezaji anachukua jozi na kucheza tena. Jozi ikiwa sahihi lakini maelezo yakiwa mabovu, kadi zinarudi chini. Sheria hii ya mwisho msiilegeze hata kidogo. Bila hiyo, mwenye kumbukumbu nzuri ya mahali kadi zilipolala atashinda bila kujua jiografia.

Tuseme mchezaji amefunua Ngorongoro pamoja na kadi ya uji uliorundikana. Anasema zinalingana kwa sababu zote ni kazi ya volkano. Ni kweli volkano ilihusika, lakini mwamuzi anakataa: kurundikana hujenga kilele, na Ngorongoro ni shimo pana lenye kuta za takribani mita 600. Wenzake wamesikia. Atakayefunua kadi ya paa lililoporomoka ataitambua, na yule aliyekosea huenda akawa wa kwanza kuidai.

Usambara nayo huzua mjadala mzuri. Kadi yake inasema: *Nyufa zilikata miamba, kipande kimoja kikasimama juu huku jirani yake akishuka.* Wapo watakaoipeleka Tanganyika, kwa kuwa nyufa zimetajwa. Swali la kuwatoa hapo ni moja: hapa tunatazama kilichobaki juu au kilichoshuka?

Nusu ya kipindi cha dakika 40 hutosha kwa duru moja. Kadi zikikunjika pembe, wachezaji huanza kuzitambua kwa nyuma. Zibadilisheni mara moja. Na darasa la Kenya linaweza kuweka Mlima Kenya mahali pa Kilimanjaro, Menengai mahali pa Ngorongoro na delta ya Tana mahali pa Rufiji, bila kugusa neno hata moja la kadi zao za chanzo.