Nyota Tano Kabla ya Kutoa Hela

Gemu za simu zinazodai kumlipa mchezaji huwa na alama nzuri kuliko unavyotarajia. Fungua Play Store, tafuta gemu ya kuunganisha matunda au kupasua mapovu inayoahidi dola, na utakuta nyingi zimekaa kwenye nyota 4 na ushee. Wengi huishia hapo: alama imezidi 4, bando lipo, pakua. Kumbe ile alama ni wastani tu, na gemu mbili zinaweza kuwa na wastani mmoja huku moja ikipendwa kweli na nyingine ikisifiwa na machawa.

Tuseme gemu mbili zimepigiwa kura na watu 1,000 kila moja. Ya kwanza imepata nyota 5 kutoka kwa watu 500, nyota 4 kutoka kwa 310, nyota 3 kutoka kwa 110, na waliobaki 80 wamegawana sawasawa nyota 2 na 1. Ya pili ina watu 780 wa nyota 5 na watu 170 wa nyota 1, na katikati hakuna kitu: 20 wa nyota 4, 10 wa nyota 3, 20 wa nyota 2. Piga hesabu, zote mbili zinatoka 4.2. Ukigusa alama yenyewe, Play Store hukuonyesha mistari mitano ya kulala inayolinganisha makundi hayo. Mstari mrefu wa nyota 5 na mwingine wa nyota 1 si ajabu, kwa sababu aliyefurahi sana na aliyekasirika sana ndio wenye hamu ya kusema. Cha kutilia shaka ni kukosekana kwa watu wa katikati, wale wa "ni nzuri ila matangazo yamezidi". Gemu iliyochezwa kweli huwa nao. Chawa hana sababu ya kutoa nyota 4.

Lakini hata umbo hilo halitoshi. Swali ninaloliona kuwa na nguvu kuliko yote ni hili: huyu anayesifu alikuwa amefika wapi kwenye gemu alipoandika?

Sifa za uongo hazitoki mahali pamoja. Wapo wanaolipwa. Kwa kuwa Play Store haimruhusu mtu kutoa maoni bila kuwa amepakua, huyu wa kulipwa hupakua, huweka nyota, kisha hufuta. Kwa hiyo na idadi ya vipakuliwa hupanda pamoja na nyota, na kule kuona gemu "imepakuliwa mara milioni" kusikupumbaze. Wapo pia wanaohongwa na gemu yenyewe: weka nyota 5 upate sarafu 500. Google inakataza wazi kutoa zawadi ili kupata kura, lakini katazo ni jambo moja na kinachotokea ndani ya gemu ni jingine. Gemu nyingine hutumia ujanja wa upole zaidi. Hukuuliza kwanza kama unaifurahia. Ukisema ndiyo, unapelekwa kwenye nyota, ukisema hapana, unapewa fomu ya malalamiko ambayo hakuna mnunuzi mwingine atakayeisoma.

Kundi la tatu ndilo kubwa na ndilo linalopotosha zaidi, kwa sababu halisemi uongo. Ni watu walioulizwa mapema mno. Tangu mwaka 2020, mtengenezaji anaweza kuleta kile kidirisha cha nyota ndani ya gemu yenyewe, bila mchezaji kutoka. Anayeamua kije lini ni yeye. Katika gemu za pesa huja dakika za mwanzo, pale kila tunda linapolipuka na salio kupanda kwa kasi. Mchezaji ana dola 40 za kwenye kioo na hajajaribu kutoa hata senti. Lazima atasifu.

Sasa twende kwenye maoni yenyewe kwa gemu ya namna hiyo, isiyo tofauti na nyingi zilizopo. Kwanza yapange kwa tarehe, mapya yatangulie, maana mpangilio wa kawaida huweka mbele yale ambayo mfumo umeyaona yanafaa. Utakuta sifa nyingi zimerundikana ndani ya siku mbili tatu, halafu kimya cha wiki nzima, kisha rundo jingine. Zisome. "Gemu nzuri sana." "Bora kuliko zote." "Asante kwa app hii." Ufupi wenyewe si kosa, watu wa kweli nao huandika maneno mawili. Ila katika sifa 20 hakuna hata moja inayotaja tunda, hatua iliyokuwa ngumu, tangazo lililokatiza mchezo, wala kiasi kilicholipwa. Ukizihamishia kwenye app ya tochi, zingefaa vilevile.

Kisha zitafute zenye kauli ya matumaini. "Naona ni ya kweli, ngoja nifike dola 100." "Nimeweka nyota 5, nitabadilisha nikilipwa." Hizi ni kura za watu ambao bado wako njiani. Wengine huweka nyota 5 juu ya malalamiko, wakiamini kwamba ndivyo watakavyosikilizwa, hivyo soma maneno kabla ya kuhesabu nyota.

Hapo ndipo uchague maoni ya nyota 1 na 2 peke yake. Usitafute hasira, tafuta hadithi inayojirudia. "Nilipata dola 97 kwa siku moja, sasa wiki nzima nipo 99." "Nilifika 100, ikaniambia nitazame matangazo 50 zaidi." "Nimeambiwa nipo kwenye foleni." Watu wasiojuana, tarehe tofauti, na wote wamekwama karibu na mlango uleule. Hilo haliigiziki kirahisi, na linaeleweka kibiashara: gemu huingiza fedha kwa matangazo unayotazama, na tangazo moja humletea mwenye gemu sehemu ndogo tu ya dola. Hawezi kukulipa dola 100 kwa jioni chache. Tazama pia majibu ya mtengenezaji. Kama kila mlalamikaji amebandikiwa aya ileile ya kuomba radhi, bila swali hata moja kuhusu tatizo lake, jua hakuna anayeshughulika.

Njia hii ina mipaka yake. Tangu Novemba 2021 alama unayoiona inatokana na watumiaji wa nchi yako, kwa hiyo ndugu yako aliye Muscat anaweza kuona namba tofauti kwa gemu ileile, na hakuna anayedanganywa. Gemu mpya ya kijana wa Dar es Salaam au Mombasa yenye maoni 15, yote ya nyota 5, huenda imesifiwa na wanachuo wenzake kwa nia njema. Kama haiahidi pesa, madhara yake ni megabaiti chache, ijaribu. Na gemu nzuri inaweza kuandamwa na nyota 1 siku moja kwa sababu sasisho limeharibu kuhifadhi hatua. Katika hali hiyo maoni ya kabla ya sasisho huwa ya kawaida na yenye watu wa katikati, jambo ambalo gemu ya machawa haina.

Kwa walioahidi kubadilisha kura yao: akaunti moja ina maoni mamoja kwa kila gemu, na yanaweza kuhaririwa wakati wowote. Ukihariri, maandishi mapya huchukua nafasi ya yale ya zamani na tarehe husogea mbele, hivyo anayepanga kwa tarehe atayakuta juu. Wachache hurudi. Wengi huifuta gemu kwa hasira, na nyota zao tano za dakika ya kumi zinabaki pale pale zikiwashawishi wengine.