Stata Inaona Betri Gani?

Gari limegoma kuwaka asubuhi. Betri ni mpya, mita inasoma volti 12.6, taa zinawaka vizuri, lakini ukigeuza ufunguo injini inazunguka kwa uvivu na kukata tamaa. Wengi hapo hununua stata nyingine, na aghalabu pesa hiyo hupotea bure. Kabla ya kwenda dukani, inafaa kujiuliza stata yenyewe, pale ilipofungwa, inaona chanzo cha umeme cha namna gani.

Mfaransa Léon Charles Thévenin, mhandisi wa simu za maandishi, alichapisha mwaka 1883 kanuni inayojibu swali hilo. Mjerumani Helmholtz alikwisha kuifikia miaka 30 kabla, lakini jina lililobaki ni la Mfaransa. Kanuni inasema hivi: chukua ncha mbili zozote unazofungia kifaa. Kila kilicho nyuma yake, betri, nyaya na viungo vyote, unaweza kukihesabu kama betri moja kamilifu iliyofuatana na ukinzani mmoja. Kifaa hakina njia ya kutambua tofauti.

Namba hizo mbili hupatikana kwa mita. Volti za ile betri kamilifu ni zile unazozisoma wakati hakuna mkondo unaopita. Ukinzani unajulikana kwa kuangalia volti zinashuka kiasi gani mkondo ukipita: gawanya volti zilizopotea kwa ampea. Vitabu hutaja pia njia ya kugusanisha ncha mbili na kupima mkondo wake. Kwa betri ya gari usithubutu, kwani mkondo unaweza kupita ampea 1,000, ukayeyusha spana na kuwasha gesi ya betri.

Turudi kwenye gari letu. Fundi anabana mita ya ampea kwenye waya mnene, mwenzake anageuza ufunguo, na mita inaonyesha ampea 150. Wakati huohuo volti kwenye vichwa vya betri zimeshuka kutoka 12.6 hadi 11.1. Zimepotea 1.5, kwa hiyo betri ina ukinzani wa omu 0.01. Haina kosa. Sasa anahamisha mita: ncha moja kwenye nati nene ya stata, nyingine kwenye bodi yake. Anasoma 8.1. Hapa zimepotea volti 4.5, na ukinzani ni omu 0.03. Betri ni ileile, lakini chanzo anachokiona aliyesimama kwenye stata ni kingine. Zile omu 0.02 za ziada zimejificha kwenye nyaya, kwenye vibanio vyenye ule unga mweupe au kijani, au pale waya wa ethi unapofungwa kwenye injini.

Je, stata kubwa zaidi ingesaidia? Kwa sasa inapata volti 8.1 mara ampea 150, yaani wati 1,215. Tuifikirie kama ukinzani wa kawaida, ingawa mota ikishika kasi hubadilika. Kifaa chenye omu 0.06 kingepata wati 1,176. Chenye omu 0.03 kingepata 1,323. Ukikipunguza zaidi hadi omu 0.015, mkondo unapanda hadi ampea 280 lakini volti zinaanguka hadi 4.2, nawe unarudi kwenye 1,176. Kilele kiko pale ukinzani wa mzigo unapolingana na ule wa chanzo. Pale juu, nguvu ni mraba wa volti uliogawanywa kwa mara nne ya ukinzani wa chanzo, na hakuna stata duniani itakayovuka hapo. Dizeli inayodai wati 2,000 haitawaka ng'o. Safisha vibanio, ukinzani urudi karibu na omu 0.01, na dari linapanda hadi takriban wati 3,970.

Kwenye kilele hicho, nusu ya nguvu inaishia kuwa joto nyuma ya ncha. Hata kwa ampea 150 viungo vibovu vinachoma wati 450. Ndiyo maana fundi mzoefu, baada ya kujaribu kuwasha mara chache, huzima kisha hugusa vibanio kwa tahadhari: kilicho moto ndicho kibovu.

Antena ya redio inavumilia hasara hiyo, kwa kuwa mawimbi ni hafifu na kila chembe inatakiwa. Mitambo ya umeme haivumilii. Katika karne ya 19 walikuwapo waliodhani kanuni ya kilele, iliyohusishwa na Moritz Jacobi, inamaanisha hakuna mashine inayoweza kuvuka ufanisi wa nusu. Kundi la Edison lilitengeneza jenereta zenye ukinzani mdogo sana kuliko wa taa zilizofungwa nje, zikawa mbali na kilele kwa makusudi, na sehemu kubwa ya umeme ikafika kwenye taa.