Machapisho Yapimwe Yakiwa na Umri Mmoja

Video iliyowekwa mtandaoni mwezi uliopita na ile iliyowekwa juzi haziwezi kushindanishwa kwa jumla ya watazamaji wanaoonekana leo. Hesabu ya watazamaji hukua kila siku, na ya zamani imepata muda mrefu zaidi wa kukua. Njia ya haki ni kulipima kila chapisho saa zilezile baada ya kutolewa, kwa mfano saa 48, na kulinganisha hesabu hizo peke yake.

Tuseme ukurasa wa redio moja ulitoa video ya mafuriko tarehe 1 Machi saa 1 jioni, kisha video ya bei ya unga tarehe 29 Machi saa hiyohiyo. Tarehe 31 Machi, saa 1 jioni, mhariri anafungua ukurasa na kukuta ya mafuriko imetazamwa mara 18,400 na ya unga mara 8,700. Kwa hesabu hiyo, mafuriko yameshinda zaidi ya mara mbili. Lakini video ya mafuriko ina umri wa saa 720, na ya unga ndiyo kwanza inatimiza 48. Daftari la vipimo linaonyesha kwamba ya mafuriko ilipofikisha saa 48 ilikuwa imetazamwa mara 6,200 tu. Kwa umri mmoja, unga umeongoza kwa watazamaji 2,500. Mhariri aliyetazama jumla peke yake angeagiza habari zaidi za aina iliyoshindwa.

Kwa nini saa 48, wala si 6 au 40? Watu hutazama simu zaidi jioni kuliko alfajiri. Chapisho la saa 1 jioni likipimwa baada ya saa 6, limepata jioni nzima. La saa 6 usiku likipimwa vivyo hivyo, limepata usiku wa manane ambapo wengi wamelala. Kipimo chenye saa 24 kamili, au mara kadhaa ya 24, hulipa kila chapisho asubuhi, mchana na usiku kwa idadi sawa. Anayetaka kuondoa pia tofauti ya Jumapili na siku za kazi hungoja saa 168, yaani wiki nzima.

Muda ukiwa mfupi mno, maudhui yanayoenea polepole, kama maelezo ya kupanda mahindi, yataonekana dhaifu bila sababu. Namna ya kutambua ni kuchukua machapisho ya zamani yenye vipimo vya saa 24, 48 na 168 na kuyapanga kwa kila umri. Ikiwa mpangilio wa saa 48 unafanana na ule wa saa 168, hakuna haja ya kungoja wiki. Ukibadilika sana, saa 48 hazitoshi kwa aina hiyo ya kazi.

Kosa linaloharibu vipimo vingi Afrika Mashariki ni la saa yenyewe. Mitambo mingi huandika muda wa UTC, ambao uko nyuma ya saa za Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 3. Muda wa kuchapisha ukiandikwa kwa UTC na wa kupima kwa saa za hapa, chapisho linalodhaniwa kuwa na saa 48 lina 45 tu. Isitoshe, saa 1 jioni ya Kiswahili ni 19:00 kwenye mashine. Ni lazima mfumo mmoja utumike daftari zima. Katika jedwali la kompyuta, muda wa kuchapisha ukiwa kwenye `B2`, muda wa kupima ni:

```
=B2+2
```

Hapo 2 ni siku mbili, yaani saa 48.

Saa ya kupima ikikosekana, makadirio yanawezekana iwapo kuna vipimo viwili vya karibu. Chapisho lililokuwa na watazamaji 8,100 kwenye saa 46 na 9,000 kwenye saa 52 liliongeza 150 kwa saa, hivyo saa 48 lilikuwa na takriban 8,400. Vipimo vikiachana kwa siku nzima, makadirio hayo hayafai, kwa kuwa kasi ya ukuaji hubadilika ndani ya siku.

YouTube Studio hufanya kazi hii yenyewe: huipanga video mpya miongoni mwa 10 za karibuni kwa muda uleule tangu kuchapishwa. Hata hivyo, umri sawa haurekebishi kila kitu. Ukurasa uliokuwa na wafuasi 5,000 na sasa una 20,000 unayapa machapisho mapya hadhira kubwa zaidi. Na chapisho lililolipiwa tangazo liwekwe kando. Chapisho lisilo na kipimo cha saa 48 wala vipimo vya karibu nalo liondolewe kwenye ulinganisho, kwa sababu jumla ya leo haiwezi kueleza lilikuwa na watazamaji wangapi siku ya pili.