Fomula ya Karafuu na Hesabu ya Tano

Pemba, baada ya karafuu kuchambuliwa, makonyo hayatupwi. Hupelekwa kiwandani kukenekwa, na mvuke unaopoa huacha mafuta yenye harufu kali ambayo sehemu yake kubwa ni kemikali moja, yujenoli. Katika mafuta ya karafuu yujenoli huwa kiasi cha asilimia 70 hadi 90. Ndiyo inayolifanya ziganzi la jino likubali kufa, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kupata saruji ya kuzibia jino kwa muda.

Mwanakemia anayepewa kioevu hicho kwenye chupa isiyo na jina hawezi kutegemea pua. Anatakiwa aonyeshe kila atomi imeshikana na ipi. Njia anayoitumia ndiyo ile inayowatoa jasho wanafunzi wa kemia vyuoni: anaanza na fomula ya molekuli, anahesabu kiwango cha kutoshiba, kisha anasoma picha za spektroskopia moja baada ya nyingine huku akirudi kwenye hesabu ile kila mara. Wengi huihesabu mara moja, wakaiandika pembeni ya karatasi na kuisahau. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia.

Fomula yenyewe hutoka kwenye spektromita ya masi, chombo kinachopima uzito wa molekuli mojamoja. Kwa yujenoli chombo cha kawaida huonyesha 164. Namba hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa C9H8O3, C10H12O2 na C11H16O zote zina uzito wa 164. Chombo chenye usahihi mkubwa huzitenganisha, maana atomi za haidrojeni na oksijeni hazina uzito wa namba kamili. Fomula ya kwanza ina uzito wa 164.0473, ya pili 164.0837 na ya tatu 164.1201. Kipimo kikisoma 164.084, mjadala umekwisha: ni C10H12O2.

Sasa hesabu. Kaboni hufunga vifungo vinne. Molekuli yenye kaboni kumi zilizopangwa bila pete wala kifungo maradufu hubeba haidrojeni nyingi kadiri inavyowezekana, yaani mara mbili ya idadi ya kaboni, ongeza mbili: 22. Hiyo imeshiba. Oksijeni haibadilishi chochote hapa, kwa sababu ina vifungo viwili tu na hujipachika katikati ya atomi nyingine bila kuongeza wala kupunguza nafasi ya haidrojeni. Molekuli yetu ina haidrojeni 12, basi imepungukiwa na 10, yaani jozi tano. Kila jozi iliyokosekana inadai sababu moja: ama kuna pete, ama kuna kifungo maradufu. Kiwango cha kutoshiba ni 5. Kama kungekuwa na nitrojeni, kila moja ingeongeza nafasi ya haidrojeni moja. Klorini au bromini ingehesabiwa kana kwamba ni haidrojeni.

Namba 5 haisemi ni pete ngapi na vifungo maradufu vingapi. Inasema tu kwamba jumla yake lazima iwe tano, wala isipungue wala isizidi.

Mwanafunzi mwenye haraka huona namba hiyo na kukimbilia jibu. Pete ya benzini hula nne kwa mkupuo, maana ni pete moja yenye vifungo maradufu vitatu. Inabaki moja. Kwenye fomula kuna oksijeni mbili, basi anaamua kwamba ile moja iliyobaki ni kaboni iliyofungana maradufu na oksijeni, kama ilivyo kwenye esta. Si dhana ya kipuuzi. Esta kama propili benzoati na ethili fenilasetati zina fomula hiyohiyo, C10H12O2, na hesabu ileile ya tano. Kwa fomula peke yake hakuna wa kumwambia amekosea.

Anayeweza kumwambia ni infraredi. Kifungo cha kaboni na oksijeni kinapokuwa maradufu hunyonya infraredi kwa nguvu sana, na kwenye esta alama yake husimama karibu na 1720 hadi 1740 cm⁻¹ kama mti wa pekee uwandani. Kwenye picha ya kioevu chetu eneo hilo ni tupu. Badala yake kuna alama pana karibu na 3500, dalili ya oksijeni iliyoshika haidrojeni, na alama ndogo karibu na 1638, dalili ya kaboni mbili zilizofungana maradufu nje ya pete. Alama ile pana isomwe kwa tahadhari, kwani sampuli isiyokaushwa vizuri huwa na maji, na maji nayo hunyonya eneo hilohilo. Kutokuwepo kwa alama ya 1700 ndiko kwenye uzito zaidi. Alama kubwa kiasi kile haiwezi kujificha.

Hatua inayofuata ndiyo tamu kuliko zote, na inasikitisha kwamba vitabu vingi huipita upesi. NMR ya kaboni huonyesha kila aina ya kaboni iliyomo, na hapa vilele ni kumi kamili, kwa hiyo hakuna kaboni mbili zinazofanana. Viwili viko chini, 55.9 na 39.9 ppm. Vinane vimekaa kati ya 111 na 147, eneo la kaboni zenye kifungo maradufu. Hakuna kilele hata kimoja kwenye eneo la 160 na kwenda juu, zinakokaa kaboni za esta, asidi na ketoni, na hivyo ushahidi wa infraredi umethibitishwa na chombo kingine kabisa.

Kaboni nane zenye kifungo maradufu hufungana mbilimbili, na hivyo vifungo maradufu ni vinne. Tano toa nne hubaki moja, na moja hiyo haina pa kwenda isipokuwa kuwa pete. Hesabu imefungwa: vifungo maradufu vinne na pete moja. Vitatu pamoja na pete ni benzini, na cha nne ni kile kilichoonekana kwenye infraredi. Hakuna aliyebahatisha.

Kinachobaki ni kupanga vipande, na NMR ya haidrojeni ndiyo inayovitoa. Ukubwa wa eneo chini ya kila ishara hueleza ni haidrojeni ngapi zimo, na jumla lazima iwe 12. Kwenye 3.87 kuna ishara moja isiyogawanyika ya haidrojeni tatu, kundi la CH3 lililoshikwa na oksijeni. Kwenye 5.50 kuna haidrojeni moja. Ukitia tone la maji mazito, D2O, na kutikisa, inatoweka, kwa hiyo ni ile ya OH. Haidrojeni mbili ziko 5.08, moja 5.96, na mbili nyingine 3.32. Hizi tano hugawanyana zenyewe kwa zenyewe kwa namna inayojulikana: ni mkia wa CH2–CH=CH2. Zimebaki tatu kati ya 6.6 na 6.9, na hizo ni za pete. Ukijumlisha unapata 12. Hapa kuna mtego mmoja wa kawaida: kiyeyusho cha klorofomu huacha kilele chake kwenye 7.26, na asiyekijua hukihesabu kuwa haidrojeni ya nne ya pete, kisha jumla inamkataa.

Pete yenye haidrojeni tatu imebeba makundi matatu: OH, OCH3 na mkia. Yamekaa wapi? Kaboni mbili zilizoshika oksijeni zinaonekana kwenye 146.5 na 143.9. Kaboni ya namna hiyo ikiwa peke yake kwenye pete hukaa karibu na 155 au zaidi. Zinaposhuka zote mbili kiasi hiki ni kwa sababu ni jirani. Nayo haidrojeni ya 6.85 imegawanyika mara moja tu kwa hezi 8, ishara kwamba ina jirani mmoja wa karibu. Kama makundi yote matatu yangefuatana, haidrojeni ya kati ingekuwa na majirani wawili wa karibu na kugawanyika sehemu tatu. Haipo ya namna hiyo, basi mkia umeruka nafasi moja kutoka kwenye oksijeni iliyo karibu nao.

Bado kuna shaka moja. Oksijeni inayotazamana na mkia upande wa pili wa pete ni ile ya OH au ile ya OCH3? Ikiwa ni OH, dutu ni yujenoli ya karafuu. Ikiwa ni OCH3, ni chavibetoli, inayopatikana kwenye mafuta ya tambuu. Fomula ni ileile, tano ni ileile, na picha zao zinakaribiana mno kiasi kwamba mtu mwangalifu hawezi kuapa kwa kuzitazama tu. Kinachowatenganisha ni jaribio la NOE. Haidrojeni za CH3 kwenye 3.87 huchokozwa kwa mawimbi, na haidrojeni iliyo karibu nazo angani huongezeka nguvu hata kama haishikamani nazo. Ikiongezeka ile iliyobanwa kati ya OCH3 na mkia, yenye mgawanyiko mdogo karibu na 6.69, ni yujenoli. Ikiongezeka yenye hezi 8, ni chavibetoli. Kwa sampuli ya karafuu huongezeka ile ya 6.69.

Yote haya yanataka sampuli iliyo safi. Mafuta ya vikonyo vya maua ya karafuu huwa pia na yujenili asetati, C12H14O3, ambayo hesabu yake ni 6, na ile ya ziada ni kifungo maradufu cha esta. Ikiwemo, alama ndogo karibu na 1760 huchomoza kwenye infraredi, na ishara isiyogawanyika hujitokeza karibu na 2.3 ambayo haiwezi kuingia kwenye jumla ya 12. Mtu akiona haidrojeni sehemu ya nusu au robo imezidi, asiibadilishe fomula. Airudishe chupa ikasafishwe.

Mwenzao wa tatu katika mafuta hayo ni kariofileni, C15H24. Haidrojeni za kushiba zingekuwa 32, zimepungua nane, na hesabu ni 4. Mwanafunzi aliyezoea benzini ataiandika mara moja, kwa sababu nne ndiyo namba yake. Lakini kati ya 6.5 na 8 kwenye NMR ya haidrojeni hakuna kitu, na kwenye NMR ya kaboni vilele vya vifungo maradufu ni vinne tu. Vinne ni vifungo maradufu viwili, na viwili vilivyobaki ni pete: moja ya kaboni nne, nyingine ya kaboni tisa, zilizoungana ubavuni.