Safari ya Kitone, kutoka Kunduchi hadi bombani

Mstarini si mahali rahisi pa kufundishia sayansi. Wimbo wa taifa umeimbwa, kucha zimekaguliwa, matangazo ya michango yametolewa, na watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wamesimama huku jua likianza kuwachoma visogo. Mwalimu wa zamu ana dakika chache kabla hawajaanza kusukumana. Hana ubao wala mchoro wa mishale. Ana sauti yake na mikono yake. Ndiyo maana walimu wengi wakitaka kueleza mzunguko wa maji hushika njia ya hadithi: tone moja la mvua hupewa jina, husafiri, likarudi lilikotoka.

Njia ni nzuri, ila hadithi yenyewe mara nyingi husimuliwa kana kwamba ilitokea kusikojulikana. Tone hutoka baharini, hupanda mawinguni, hunyesha mlimani, huingia mtoni. Bahari gani? Mto gani? Mtoto wa Dar es Salaam anaweza kutajiwa kila kituo kwa jina lake, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya bomba jijini hutoka Mto Ruvu. Ruvu huanzia Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, na kile kisichochotwa njiani humwagika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Tushike njia hiyo, na msafiri wetu tumwite Kitone.

Hapo hapo mwanzoni pana mtego. Tone halisafiri zima zima. Baharini hakuna matone yaliyojipanga yakisubiri zamu. Kinachopanda ni chembe za maji, moja moja, ndogo kiasi kwamba hakuna jicho linaloziona. Tone la mvua huundwa baadaye, huko angani. Mwalimu akisema "tone likapanda juu", mtoto ataona kichwani mvua inayonyesha kinyumenyume, na picha hiyo ataingia nayo sekondari. Mimi naona dawa ni kumfanya Kitone awe chembe tangu mwanzo: "Kitone ni mdogo sana, watoto. Hata akiwekwa kiganjani mwako, hutamwona." Watoto hupenda mhusika mdogo kuliko wao.

Basi Kitone yuko ufukweni Kunduchi, juu kabisa ya maji, asubuhi. Jua linapasha. Chembe za maji hutikisika muda wote, na kadiri zinavyopata joto ndivyo zinavyotikisika kwa nguvu. Zile zilizo usoni pa maji zikipata msukumo wa kutosha hujinasua kwa wenzao na kuingia hewani. Wanafunzi wachuchumae, watikisike mabega, kisha mmoja mmoja asimame. Ndivyo ilivyo hasa: hawasimami wote kwa mpigo.

Msisitizo uwe kwamba bahari haikuchemka. Wapo watu wazima wanaoamini maji hayageuki mvuke mpaka yachemke, ingawa kila siku wanaanika nguo na zinakauka. Lionyeshe jambo hili hapo hapo. Mwaga kikombe cha maji kwenye sakafu ya saruji mbele ya mlingoti wa bendera, zungushia chaki ukingoni, halafu watoto warudi kuangalia wakati wa mapumziko, saa nne. Chaki itakuwepo, maji yatakuwa yamepungua au yameisha. Usimwage mchangani, kwa sababu mtoto mwerevu atakwambia yamenyonywa na ardhi, naye atakuwa na haki. Usijaribu pia asubuhi ya masika yenye mawingu mazito: hewa ikishajaa unyevu, maji hukawia pale pale na hadithi yako inabaki na aibu. Ukiwa na nafasi, mwaga vikombe viwili, kimoja juani na kingine kivulini chini ya mwembe, uwaache watoto waseme wenyewe kipi kimetangulia kukauka.

Kitone anapoondoka baharini haondoki na chumvi. Hili watoto wa pwani wanalielewa haraka, kwani Nunge, pale Bagamoyo, maji ya bahari huingizwa kwenye mashamba ya chumvi, jua likayachukua maji na kuiacha chumvi ikiwa nyeupe chini. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Zote hubaki, na ndiyo sababu mvua iliyotoka baharini haina ladha ya bahari.

Sasa Kitone yuko hewani, na hapa wasimulizi wengi huteleza mara ya pili: humwita mvuke, halafu huonyesha moshi mweupe unaotoka kwenye birika. Mvuke wa maji hauonekani. Birika likichemka, tazama karibu kabisa na mdomo wake. Pana nafasi ndogo isiyo na kitu cha kuonekana, na weupe huanza mbele kidogo. Mvuke wenyewe uko kwenye ile nafasi tupu. Weupe ni mvuke uliokwisha kupoa ukawa vijitone vya maji. Kwa hiyo mwambie mtoto kwamba Kitone yuko hapa mstarini sasa hivi, mbele ya pua yake, na hamwoni. Watageuka kumtafuta. Waache wamtafute kidogo.

Hewa yenye kina Kitone ikipanda hupoa, nyuzi 6 hadi 10 hivi kwa kila kilomita moja. Chembe zikipoa hupunguza mbio na kuanza kushikana, lakini hushikana kwa urahisi zikipata kitu cha kung'ang'ania: vumbi, moshi wa jiko, au punje ya chumvi iliyorushwa na mawimbi. Hapo ndipo kijitone cha wingu kinapozaliwa, na Kitone sasa yumo ndani yake na wenzake wasiohesabika. Kijitone hicho ni chepesi mno kuanguka; upepo mdogo tu unakishikilia juu. Vijitone hugongana, huungana, hukua. Tone la mvua lenye upana wa milimita 2 limekusanya vijitone vya wingu kama milioni moja. Waite watoto wanne mbele washikane mikono, kisha waje wengine, mpaka kundi liwe zito na lianze kuyumba lenyewe. Hivyo mvua huanza kwa sababu matone yamekuwa mazito kuliko nguvu ya hewa inayoyabeba. Wingu halikuwa mfuko uliotoboka, wala halikugonga mlima likapasuka, ingawa maelezo hayo yote mawili nimewahi kuyasikia yakitolewa kwa sauti ya uhakika.

Mlima una kazi yake nyingine. Upepo wa baharini unapofika Uluguru, kama kilomita 200 kutoka pwani, haupiti katikati ya jiwe, unalazimika kupanda. Ukipanda unapoa, ukipoa unatoa mvua. Ndiyo maana upande wa mashariki unaotazama bahari, kule Kinole na Matombo, ni wa kijani na wenye mvua nyingi, na upande wa magharibi hupata mvua kidogo zaidi: upepo umefika huko ukiwa umekwisha kuacha mzigo.

Kabla hujamshusha Kitone Uluguru, kuna ukweli mmoja ambao hadithi nyingi huuruka, nami nadhani ndio mtamu kuliko yote. Ita watoto kumi mbele na uwaambie wote wamepanda kutoka baharini. Kisha uwaambie tisa wakae chini. Hao wameanguka tena baharini, kwa sababu duniani kote, katika kila sehemu kumi za maji yanayopanda kutoka baharini, takriban tisa hurudi baharini humo humo bila kugusa nchi kavu. Aliyebaki amesimama ndiye Kitone wetu. Hata yeye bado hajasalimika. Zaidi ya nusu ya mvua inayonyesha nchi kavu hurudi hewani kabla ya kufika mtoni: kutoka kwenye majani yaliyolowa, kutoka kwenye udongo, na kupitia miti inayoyavuta kwa mizizi na kuyatoa majanini. Mtoto aliyesikia hivi haoni tena duara moja linalozunguka kama gurudumu. Anaona safari yenye njia panda nyingi, na Kitone anaweza kurudi angani kutoka popote.

Tuseme Kitone ameanguka msituni Uluguru, akapita kwenye majani na kuvu, akazama ardhini. Hapa mwalimu apunguze mwendo wa sauti, maana chini ya ardhi maji hutembea polepole. Angani chembe ya maji hukaa siku 10 hivi kwa wastani. Ardhini inaweza kukaa wiki, miezi au miaka kabla ya kutokea kwenye chemchemi. Maji haya yanayochelewa ndiyo yanayoufanya mto utiririke hata mvua ikiwa imekatika. Yakipungua, jiji linahisi: Oktoba 2022 kina cha Ruvu kilishuka sana na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji. Watoto wadogo hawakumbuki tarehe, ila ndoo zilizopangwa foleni wanazijua.

Kutoka hapo mwendo ni wa haraka. Kitone anaingia Ruvu akiwa na tope, anavutwa na mashine kwenye mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi au Ruvu Chini wilayani Bagamoyo, tope linatuamishwa, anachujwa, anatiwa dawa ya kuua vijidudu, anaingia kwenye bomba. Asubuhi anatoka kwenye koki ya shule, anaosha mikono ya mtoto fulani wa darasa la pili. Akimwagika sakafuni, anaweza kuwa hewani kabla ya saa nne.

Msimulizi wa Mwanza asiibebe hadithi hii kama ilivyo. Kwake bahari haihitajiki. Ziwa Victoria hupata maji yake mengi, karibu asilimia 80, kutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe, na mengi ya maji hayo huondoka kwa kupanda hewani. Yanayotoka kwa Mto Nile kule Jinja ni sehemu ndogo. Kitone wa Mwanza hupanda kutoka ziwani mchana, na mara nyingi huanguka ziwani usiku, katika zile ngurumo ambazo wavuvi wanazijua vizuri kuliko mwalimu.

Dodoma hadithi hubadilika tena. Maji mengi ya mji huo yamekuwa yakitoka kwenye visima vya Makutupora, na vipimo vya zaidi ya miaka 50 vinaonyesha kwamba hazina ile ya chini ya ardhi haijazwi kila mwaka. Hupanda hasa baada ya misimu michache ya mvua kubwa, kama ule wa El Ninyo wa 1997 na 1998, kisha hushuka pole pole kwa miaka. Kitone aliyezama ardhini msimu ule huenda alikaa huko hadi wanafunzi wa wakati huo wakawa wazazi. Mwalimu wa Dodoma itabidi awaweke watoto wamechuchumaa muda mrefu kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, na aombe jua lisiwe kali.