Rejea Moja Ikitoka, Namba Zote Zinatikisika

Makala ya kitaaluma yenye vyanzo 24 inarudi kutoka kwa mhakiki. Pembeni, kwenye utangulizi, ameandika maoni mafupi: chanzo namba 7 ni cha zamani na hakithibitishi kinachodaiwa, kiondolewe. Mwandishi anaona ni kazi ya dakika mbili. Anafuta 7, anaanza kushusha namba: 8 iwe 7, 9 iwe 8, hadi 24 iwe 23. Kwa kuwa Word imewashwa kitufe cha `Track Changes`, kila tarakimu aliyoigusa inabaki imepigwa mstari na mpya inakaa ubavuni mwake kwa rangi. Akimaliza, ukurasa umejaa wekundu, na lile badiliko moja ambalo msimamizi wake alipaswa kuliona limezama kabisa.

Kuondoa rejea ni kazi mbili. Ya kwanza ni uamuzi wa kitaaluma: chanzo kinatoka, na sentensi iliyokiegemea inabaki vipi? Huu lazima wenzako wauone, waukubali au waukatae. Ya pili ni ukarani wa namba, na hakuna anayehitaji kuujadili. Word haijui tofauti ya hizo mbili; inafuatilia zote kwa uzito uleule. Kwa hiyo wewe ndiye wa kuzitenganisha: uamuzi ufanywe kwanza, ufuatiliaji ukiwa umewashwa, namba zipangwe mwisho, mara moja tu, mambo ya maudhui yakishakubaliwa.

Anza kwa kuhifadhi nakala ya faili kama ilivyokufikia, uipe jina lenye neno “asili”, na usiiguse tena. Utaihitaji mwishoni.

Kisha chunguza kama chanzo hicho kimetajwa mahali pengine. Mtindo wa Vankuva, unaotumiwa na majarida mengi ya tiba, ulitokana na mkutano wa wahariri uliofanyika katika mji huo wa Kanada mwaka 1978, na ndani yake vyanzo hupewa namba kwa mpangilio wa kutajwa mara ya kwanza. Tuseme chanzo 7 kimeondolewa kwenye utangulizi tu, lakini kinatajwa tena kwenye mjadala, baada ya 12 kutokea na kabla ya 13. Hapo hakifutwi kwenye orodha. Kinahama. Namba 8 hadi 12 zinashuka kuwa 7 hadi 11, chanzo chetu kinakuwa 12, na kuanzia 13 hakuna kinachobadilika. Waandishi wengi hukosea hapa: wanafuta ingizo lote kwenye orodha, halafu mjadala unabaki unaelekeza kwenye chanzo kisichokuwepo.

Tuchukue sasa kwamba mhakiki anataka kitoke kote. Kukitafuta kunahitaji macho, kwa sababu namba 7 inaweza kuwa imo kwenye sentensi bila tarakimu 7 kuonekana. Mabano yaliyoandikwa `[6–9]` yamebeba 6, 7, 8 na 9. Ukitafuta “7” hutayaona. Fungua dirisha la `Find and Replace`, ingia sehemu ya `Find`, bofya `More`, weka alama kwenye `Use wildcards`, kisha andika hivi:

```
\[[0-9]*\]
```

Hiyo inaiambia Word ikutafutie kila mabano ya mraba yanayoanza na tarakimu, bila kujali kilichofuata ndani. Pitia moja baada ya jingine ukitumia `Find Next`. Usiache majedwali, maelezo ya chini ya picha wala tanbihi. Namba za rejea hupenda kujificha huko.

Unapofika kwenye rejea yenyewe, hakikisha `Track Changes` imewashwa. Tuseme sentensi inasema kwamba vyandarua vyenye dawa vimepunguza malaria kwa watoto, na mwishoni ina `[6,7]`. Ukifuta mkato na 7 peke yake, msomaji ataona kijistari chembamba juu ya alama mbili ndogo na anaweza kupita bila kukitambua. Ni afadhali ufute `[6,7]` nzima na kuandika `[6]`. Badiliko linasomeka kwa mtazamo mmoja, na anayetaka kulikataa analikataa bila kubahatisha. Kwa sasa acha namba nyingine zote kama zilivyo, hata kama orodha itakuwa na pengo baada ya 6. Pengo hilo ni la muda na halimdhuru mtu.

Kuna jambo la maoni hapa ambalo huwaumiza watu bila wao kujua. Maoni ya mhakiki yamefungwa kwenye maandishi aliyoyachagua. Kama alichagua `[6,7]` peke yake, basi siku utakapokubali kufutwa kwa maandishi hayo, maoni nayo yanaondoka, pamoja na majibu yako yaliyokuwa chini yake. Mstari wa kufuta unaposhikiliwa tu, maoni bado yapo. Ni kule kukubali ndiko kunakoyabeba. Kwa hiyo kabla ya kukubali chochote, mjibu mhakiki kwa kitufe cha `Reply`, ueleze ulichofanya: umeondoa chanzo, na dai sasa linasimama juu ya chanzo 6 peke yake. Kisha chagua sentensi nzima, weka maoni mapya yanayobeba hoja hiyohiyo. Hayo yatabaki. Usitumie `Delete` kwenye maoni ya mtu mwingine wakati kazi inaendelea; `Resolve` inayafunga na kuyaacha kwenye kumbukumbu ya faili, na mwenye nayo anaweza kuyafungua tena.

Zaidi ya hayo, maoni hayajipangi upya. Kama msimamizi aliandika pembeni “linganisha na 12”, alimaanisha 12 ya zamani. Namba zikishashuka, maoni yake yatamtuma msomaji kwenye chanzo kisicho chake. Yajibu kwa kutaja zote mbili: “12 ya zamani, sasa ni 11.”

Wenzako wakisharidhia, hifadhi faili hiyo yenye alama kama faili ya pili. Fanya nakala ya tatu. Katika nakala hii kubali mabadiliko yote, zima ufuatiliaji kwa `Ctrl+Shift+E`, ndipo uingie kwenye ukarani. Kuna sababu ya kukubali kwanza: maandishi yaliyopigwa mstari bado yamo ndani ya faili, na Word inaweza kuyakuta inapotafuta. Namba zilizofutwa na mwenzako wiki iliyopita zinaweza kubadilishwa pamoja na zilizo hai, na ukafufua kilichokwisha kuzikwa.

Kama namba ziliandikwa kwa mkono, chora kwenye karatasi safu mbili, ya zamani na mpya. Shuka kutoka namba ndogo kwenda kubwa: 8 iwe 7, ndipo 9 iwe 8. Ukianza na 24 kuwa 23, utakuwa na 23 mbili, na hutajua ipi ilikuwa ipi. Kwa sababu hiyohiyo, usianze kabla ya kuhakikisha hakuna 7 ya zamani iliyosalia. Ikisalia moja, itachanganyika na 7 mpya na haitatambulika tena. Usibonyeze `Replace All` kwa “8” tupu, kwani itaingia kwenye 18, kwenye mwaka 2018 na kwenye asilimia 8. Kwa mabano yenye namba moja, kama `[8]`, tafuta pamoja na mabano yake, huku `Use wildcards` ikiwa imezimwa. Mabano yenye namba nyingi yashughulikie kwa mkono, ukifikiri. `[5,7,12]` inakuwa `[5,11]`. `[6–9]` inakuwa `[6–8]`. `[7–9]` inakuwa `[7,8]`, kwa sababu zimebaki mbili tu. Na `[6,8,9]`, ambayo haikuwa na 7 kabisa, sasa inafuatana na inaweza kuandikwa `[6–8]`.

Ukimaliza, jaribio ni rahisi. Tafuta 24 ndani ya mabano, isipatikane popote. Kisha chagua vyanzo vitatu au vinne, mmoja wa mwanzo, mmoja wa katikati na wa mwisho, fungua faili ya asili, ulinganishe jina la mwandishi kwenye orodha na dai lililoko ndani ya makala. Namba zinaweza kufuatana vizuri kabisa na bado zikaelekeza pasipo.

Waliotumia orodha ya Word inayojihesabu yenyewe, pamoja na `Cross-reference` ndani ya maandishi, wana nafuu, lakini nao wana mtego wao. Ukifuta ingizo la orodha huku ufuatiliaji umewashwa, aya iliyofutwa bado imo, na ukitazama kwa `All Markup` bado inashika nafasi yake katika hesabu. Kubali ufutaji kwanza, ndipo ubonyeze `Ctrl+A` kisha `F9` ili namba zisasishwe. Mahali ulipoacha rejea inayoelekeza kwenye ingizo lililofutwa, Word itaandika maneno haya:

```
Error! Reference source not found.
```

Watu huyaogopa, lakini yanakusaidia: yanakuonyesha kwa kidole pale ulipopasahau. Tafuta neno `Error!` na urekebishe kila moja. Wanaotumia EndNote wajue kwamba rejea iliyofutwa kwa ufuatiliaji inaendelea kuhesabiwa na kubaki kwenye orodha hadi ufutaji ukubaliwe. Wengi hudhani programu imeharibika.

Sasa ile faili ya asili. Kama jarida linataka kuona kila badiliko, zikiwemo namba, nenda `Review`, kisha `Compare`. Weka faili ya asili kwenye `Original document`, na faili ya tatu kwenye `Revised document`. Word itatengeneza hati mpya yenye alama za kila tofauti. Mabadiliko yote yatabeba jina moja, lile utakaloandika kwenye `Label changes with`, kwa hiyo nani alibadilisha nini hakutaonekana humo. Ndiyo maana ile faili ya pili, yenye majina ya wenzako, isifutwe.

Kupanga namba ukiwa umezima ufuatiliaji si udanganyifu, mradi umesema. Weka maoni juu ya kichwa cha orodha: chanzo 7 kimeondolewa, 8 hadi 24 zimeshuka kwa moja, hakuna kingine kilichoguswa. Mstari huo unamwokolea mhariri saa nzima.

Kabla ya kutuma, usidanganyike na `No Markup`. Inaficha alama machoni pako tu; atakayefungua faili akibadili mtazamo ataona kila mstari uliofuta na kila maoni mliyoandikiana. Fungua `File`, `Info`, `Check for Issues`, kisha `Inspect Document`, uone kilichobaki ndani. Baada ya hapo tuma faili mbili: moja safi na moja yenye alama, na majina yake yaseme wazi ipi ni ipi.