Salamu kwa Rafiki Aliye kwenye Mashine ya Figo

"Ugua pole" humfaa mwenye malaria, ambaye baada ya wiki mbili huwa yuko sokoni tena. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi na anasafishwa damu huisikia salamu hiyohiyo hadi mwaka wa pili, ikifuatana na "utapona tu". Mashine haimponyi. Hushika kazi ya figo kwa saa chache, kisha maji na taka hujikusanya upya, na asipopandikizwa figo nyingine itambidi aendelee kwenda.

Linalomwelemea kila siku ni uchovu. Kwa kawaida husafishwa mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Maji yaliyojaa mwilini kwa siku mbili hutolewa katika saa hizo chache, shinikizo la damu linaweza kushuka, na wengi hufika nyumbani hoi. Tena figo nzima hutoa homoni inayochochea mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu. Zikifa, damu hupungua. Ndiyo maana hata akilala usiku kucha huamka amechoka, na anayemwambia "jikaze" humfanya ajione mvivu.

Kwa hiyo mwandishi wa salamu huanza kwa kujua ratiba. Anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ujumbe wa Alhamisi huenda ukamkuta na nguvu kidogo. Maandishi mafupi yanamfaa kuliko sauti ya dakika tano. Mfano:

"Shoga, jana ilikuwa siku ya mashine, najua ulirudi hoi. Miaka miwili ya hivi inachosha, wala si uvivu. Leo saa kumi napita kuchukua sare za watoto nikazifue. Ukiwa umelala, mwachie dada. Usihangaike kujibu."

Hapa hakuna "unaendeleaje?", swali linalomtaka mgonjwa atoe ripoti ileile kila siku. Hakuna pia "ukihitaji chochote sema", maana hapo yeye ndiye angelazimika kufikiria kazi na kuiombea. Hapa kazi na saa vimetajwa. Uchovu umetajwa mara moja bila kilio, la sivyo mgonjwa angejikuta akimbembeleza mfariji wake. Baada ya hapo habari za harusi ya jirani zinaruhusiwa kabisa. Wagonjwa nao wanapenda umbea.

Zawadi iulizwe kwanza. Madafu na ndizi, matunda ya kawaida ya kumjulia mtu hali, vina potasiamu nyingi ambayo figo hizo haziwezi kuitoa, na wengi wao hupimiwa hata maji ya kunywa.

Jibu likija, "Nimechoka, sitaki kwenda tena," ujumbe mwingine hautoshi. Ni wakati wa kupiga simu au kwenda, kumsikiliza bila kumkemea, na kuwaarifu wanaomtibu siku hiyohiyo, kwa sababu akikosa mashine maji yanaweza kujaa mapafuni na potasiamu kuvuruga mapigo ya moyo ndani ya siku chache.